Nimetafsiri maelezo ya dawa kutoka kwenye picha: nitajuaje sijaacha mstari?

#1 BintiKorogwe

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Muuguzi wa zahanati moja huku kwetu aliniomba nimtafsirie maelezo ya dawa ya watoto, amoksilini ile ya unga inayochanganywa na maji, chupa ya 60 ml, nguvu yake 125 mg kwa kila 5 ml. Anataka karatasi moja ya Kiswahili ambayo mama akipewa chupa anaondoka nayo nyumbani, kwa sababu boksi lote ni Kiingereza na dirishani hakuna muda wa kumweleza kila mmoja. Alinitumia picha nne kwa wasapu: mbele ya boksi, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na lebo ya chupa yenyewe.

Nilikaa usiku nikayaandika maneno ya Kiingereza kutoka kwenye picha, kisha nikayatafsiri. Baadaye nikampa dada yangu Kiswahili changu, akakirudisha kwa Kiingereza bila kuona picha. Nikalinganisha Kiingereza chake na kile nilichokuwa nimeandika usiku ule. Vimeoana karibu kote. Mahali pawili tulipotofautiana nimesharekebisha:

Nilikuwa nimeandika "ongeza maji yaliyochemka", yeye akarudisha kwamba ni maji yanayotokota. Kumbe Kiingereza kinataka maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe. Sasa nimeandika "maji yaliyochemshwa yakapoa".

Pia niliandika "tikisa chupa kabla ya kuchanganya". Yeye akarudisha hivyohivyo, na hapo ndipo nilipoona kosa langu. Asili inasema itikiswe kila mara kabla ya kumpa mtoto.

Sasa roho haijatulia. Karatasi itachapishwa Ijumaa. Nikishafanya hivi nimemaliza, au kuna kitu bado?

#2 Kibaraza254

Hongera dadangu. Ukweli ni kwamba ushamaliza. Mtu ambaye hajaona asili akirudisha tafsiri na maneno yakaoana, hiyo tafsiri ni safi. Mimi nimefanya dodoso za mashirika huku Nakuru na hivyo ndivyo tunavyofanya: anayetafsiri, anayerudisha, tunalinganisha, tunatia sahihi. Chapisha tu.

#3 Lushoto_Jr

Kama shida ni kuandika Kiswahili juu ya picha yenyewe, kuna programu za simu zinazofuta maandishi ya zamani zikaacha nafasi nyeupe, unaandika juu yake. Inatoka safi kabisa kama lebo halisi. Nikuelekeze?

#4 BintiKorogwe

Asante @Lushoto_Jr, ila sitaki kugusa picha. Karatasi ni ya pembeni, tunaichapa upya. Swali langu ni la kuhakiki maneno.

#5 MzeeKalamu

Marahaba binti.

Nimetafsiri fomu za ridhaa za utafiti wa tiba kwa miaka mingi, na kamati za maadili hututaka tufanye tafsiri rejeshi karibu kila mara. Njia hii ilienea sana baada ya makala ya mwanasaikolojia Richard Brislin ya mwaka 1970, na bado ina kazi yake. Imekuonyesha maji yanayotokota na imekuonyesha kutikisa chupa. Lakini soma tena ulichoandika: umelinganisha Kiingereza cha dada yako na "kile nilichokuwa nimeandika usiku ule". Hukulinganisha na picha.

Kibaraza ana haki nusu. Kwenye dodoso, asili ni maandishi yaliyokwisha kuchapwa, kila mtu anayo ileile. Wewe asili yako ni picha. Kati ya picha na tafsiri umeweka nakala uliyoichapa mwenyewe, usiku, macho yamechoka. Mstari uliouruka wakati wa kunakili haumo kwenye nakala. Haukufika kwenye Kiswahili. Dada yako hawezi kurudisha kitu ambacho hakikumfikia. Mwisho unaweka karatasi mbili mezani, zote mbili hazina mstari huo, unaziona zinaoana. Zinaoana kweli, lakini zimekosa pamoja.

Tafsiri rejeshi hukagua maneno yaliyomo. Ya kukagua yasiyomo ni kazi nyingine, nayo hufanywa kwa kurudi kwenye picha yenyewe, nakala ikiwa imefunikwa.

Fanya hivi kesho mchana, si usiku. Omba picha upya, na muuguzi azitume kama faili, si kama picha, maana zikitumwa kama picha wasapu huzibana na herufi ndogo huliwa. Halafu kabla hujasoma neno hata moja, hesabu mistari. Weka namba kando ya kila mstari wa picha: M1, M2 kwa mbele, K1, K2 kwa kushoto, na kadhalika. Hata mstari wenye neno moja upewe namba. Hata namba ya toleo na tarehe. Ukimaliza ndipo ufungue nakala yako, nayo uihesabu. Kama hesabu hazilingani, utajua kuna kitu hata kabla ya kujua ni nini.

#6 Kibaraza254

Mzee, nakuelewa. Lakini si mistari ya picha na mistari ya tafsiri itatofautiana tu? Kiswahili ni kirefu. Mstari mmoja wa boksi unakuwa miwili kwangu.

#7 MzeeKalamu

Ndiyo maana huhesabu mistari ya tafsiri. Unahesabu mistari ya picha na mistari ya nakala ya Kiingereza, ambayo lazima ivunjwe palepale boksi lilipovunja, hata kama sentensi imekatwa katikati. Tafsiri yenyewe unaiwekea alama tu: sentensi hii imetoka M4 na M5, hii imetoka K2. Ukimaliza, namba ya picha isiyotajwa popote kwenye tafsiri ndiyo unayoitafuta. Nyingine utaamua kuiacha kwa makusudi, kama anwani ya kiwanda. Sawa, lakini iandike kwenye orodha kwamba umeiacha.

#8 AbuSuhayl_Maskati

Assalaam alaykum. Nimekuwa msomaji kimya hapa, leo nimeguswa.

Mimi niko Maskati, asili yetu Unguja. Mwaka jana kijana wa ndugu yangu alitumiwa mkataba wa kazi kwa Kiarabu, picha ya karatasi iliyopigwa mezani kwa pembeni. Nikamtafsiria kwa Kiswahili. Rafiki yangu akairudisha kwa Kiarabu, ikaja vizuri sana, lugha tamu. Tukasaini.

Mshahara niliusoma riali 12. Nikadhani ni posho ya chakula, kwa sababu kifungu kilianza na chakula. Kumbe ilikuwa 120. Katika tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta tu, na nukta ile ilipotelea kwenye kunjo la karatasi. Na palipoandikwa siku 15 za kutoa taarifa nikasoma 10, kwa sababu tano yao ni kiduara, ukiwa na haraka jicho linaona sifuri ya kizungu.

Rafiki yangu alirejesha 12 na 10 vizuri kabisa. Angefanyaje vingine? Mimi ndiye niliyempa.

Namshukuru Mungu kosa lilikuwa upande wa kupungua, kijana hakudhurika, lakini alikwenda amekata tamaa wiki nzima kwa sababu yangu. Tangu siku hiyo tarakimu nazisoma peke yake, mara ya pili, bila maneno. Natafuta namba tu kwenye picha, naziandika kwenye karatasi nyingine, ndipo nalinganisha.

#9 MfamasiaKata

Shekhe umegusa penyewe. Kwenye dawa ni nukta hiyohiyo.

@BintiKorogwe, mimi nipo duka la dawa, nazijua chupa hizi. Naomba uniandikie hapa umeandika nini kwenye kipimo, na umeandika nini kuhusu saa. Usiniletee ulivyoelewa, niletee maneno yenyewe.

#10 BintiKorogwe

Nakili kutoka kwenye karatasi yangu:

"Mtoto mchanga: 25 ml kila saa 8. Mtoto mkubwa kidogo: 5 ml kila saa 8. Ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kwenye alama, tikisa vizuri. Tikisa kila mara kabla ya kumpa mtoto. Hifadhi mahali penye baridi. Weka mbali na watoto."

#11 MfamasiaKata

Ndugu yangu, simama hapo. Usichapishe.

Mtoto mchanga 25 ml, mara tatu kwa siku, ni 75 ml. Chupa nzima ni 60 ml. Mtoto mdogo angemaliza chupa kabla siku haijaisha, na yule mkubwa anapewa 5 ml! Hiyo 25 ni 2.5 ml. Nukta imepotea kwenye picha, au umeiona ukadhani ni uchafu. Kwa 2.5 ml mara tatu ni 7.5 ml kwa siku, chupa inakwenda siku 8. Hiyo inaeleweka.

Dada yako alirudisha 25 kwa uaminifu. Hesabu ya chupa ndiyo iliyosema hapana. Kila ukitafsiri dawa, zidisha kipimo kwa mara za siku uone chupa inakaa siku ngapi. Ni hesabu ya dakika moja.

Na kwa kweli mimi nisingeweka kipimo kwenye karatasi ya kuchapwa. Kipimo cha mtoto anakiandika aliyempima, kwa uzito na ugonjwa wake. Acha nafasi: "____ ml", muuguzi ajaze kwa kalamu. Yaliyo kwenye boksi hayamjui mtoto huyo.

Halafu sioni mambo mawili ambayo karibu kila chupa ya aina hii huwa nayo. Sitakuambia ni yapi. Rudi kwenye picha kama Mzee alivyosema, uyakute mwenyewe. Nikikuambia utayaongeza kutoka kwangu, na pengine boksi lako linasema tofauti na ninalolijua mimi.

#12 MamaPacha

Jamani mimi si mfasiri, ni mama tu wa watoto wawili, nilikuja humu kutafuta mambo ya shule. Lakini nimesoma hiyo "kila saa 8" nikaelewa mtoto anapewa saa nane mchana. Kila siku saa nane. Mara moja.

Nimemsomea jirani, naye kaelewa hivyohivyo, ila akauliza saa nane ya mchana au ya usiku.

#13 BintiKorogwe

Mama Pacha umenitoa jasho. Dada yangu alirudisha vizuri kabisa, kwamba dawa inatolewa yanapopita masaa manane. Kwa hiyo nikaona iko sawa.

#14 MzeeKalamu

Dada yako anafanya kazi gani?

#15 BintiKorogwe

Ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari. Na watoto wake wamewahi kutumia dawa hii.

#16 MzeeKalamu

Basi hakurudisha ulichoandika. Alirudisha anachokijua. Dawa ya aina hii anaijua, Kiingereza cha maboksi anakijua, akaona maneno yako yanalegalega akayanyoosha bila hata kujihisi. Hilo ndilo jambo linalonipa taabu zaidi katika tafsiri rejeshi: mrejeshaji hodari huficha makosa ya mfasiri. Tafsiri inarudi imenyooka kuliko ilivyokwenda.

Mimi humwambia mrejeshaji mambo mawili kabla hajaanza. Kwanza, asiokoe. Kama Kiswahili kinaweza kusomeka kwa njia mbili, aandike zote mbili. Kama hakieleweki, aandike kwa Kiingereza kisichoeleweka vilevile. Pili, asiwe mtu anayeijua dawa hiyo. Na simwonyeshi kichwa cha karatasi mpaka amalize, kwa sababu neno "amoksilini" peke yake linamtosha kukisia mengine.

Mama Pacha amefanya kazi kubwa kuliko sisi wote hapa, kwa sababu yeye alisoma kama atakavyosoma mwenye mtoto.

#17 Kibaraza254

Hapa nakubali nilikuwa na haraka. Kwa dodoso zetu mrejeshaji huwa ni mtu wa ofisi ileile, anajua tunachouliza. Sasa nafikiria ni mangapi yalipita hivyo.

Lakini suluhisho la saa si rahisi tu? Andika "kila baada ya masaa 8". Saa ni ya kwenye ukuta, masaa ni muda. Kila mtu anaelewa.

#18 MzeeKalamu

Kila mtu anaelewa, na mhariri wa kwanza atafuta hiyo "ma". Saa ni ngeli ya N, wingi wake ni saa. Ni hivyo kwenye kamusi, ni hivyo shuleni. "Kila baada ya saa 8" inatosha, "baada ya" ndiyo inayobeba muda.

#19 MfamasiaKata

Mzee kwa heshima zote, kwenye dirisha la dawa nasema masaa na nitaendelea kusema masaa. Nimewahi kuandika "kila baada ya saa 8" mtu akaniuliza, "baada ya saa nane, yaani saa tisa?" Neno "baada ya" halikumsaidia. Masaa yalimsaidia.

#20 AbuSuhayl_Maskati

Kwetu Unguja tunasema masaa tangu wazee wetu. Sioni kosa.

#21 MamaPacha

Mngeandika "asubuhi saa 12, mchana saa 8, usiku saa 4" mimi ningeelewa bila hata kuwaza. Halafu muuguzi anitilie alama.

#22 MfamasiaKata

Hiyo ndiyo. Na saa nane kwa saa nane inatimia: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Tatizo dogo ni kwamba boksi halisemi hivyo, kwa hiyo itakuwa imetoka kwenye tafsiri ikawa maelekezo. Binafsi sina shida nalo, mradi muuguzi aridhie.

#23 MzeeKalamu

Mimi nina shida nalo kidogo. Mama aliyepewa dawa saa 5 asubuhi aanze lini? Atasubiri saa 8, au atampa palepale? Sentensi ya asili inamruhusu aanze pale alipo ahesabu nane. Ratiba inamfunga. Ningeweka sentensi, kisha mfano chini yake. Lakini hili niwaachie wenye dawa.

#24 Lushoto_Jr

Samahani, nimeelewa swali sasa. Je, si rahisi kutafsiri moja kwa moja ukiangalia picha, bila kunakili Kiingereza? Hatua ikipungua, makosa yanapungua.

#25 AbuSuhayl_Maskati

Kijana kasema neno la maana. Mimi baada ya ule mkataba niliacha kunakili. Nasoma picha, naandika Kiswahili.

#26 MzeeKalamu

Nimeona watu wazuri wakifanya hivyo. Mimi siwezi. Ukitafsiri moja kwa moja jicho linatoka kwenye picha kwenda kutafuta neno la Kiswahili, linakaa huko dakika mbili, likirudi halikumbuki liliachia wapi. Linatua kwenye neno linalofanana na lile la mwisho. Kunakili kunachosha, lakini akili haisumbuki na maana, inafuata mstari tu. Kila mtu na mkono wake.

#27 BintiKorogwe

Nimerudi. Naandika kirefu kidogo, mnivumilie, maana nimeyakuta.

Muuguzi alipiga picha upya dirishani, bila taa ya simu, kwa sababu zile za kwanza zilikuwa na mng'ao kwenye plastiki. Lebo ya chupa imezunguka, kwa hiyo nilimwomba apige mara tatu akiigeuza kidogo kidogo, kila picha ibebe sehemu ya iliyotangulia. Akatuma kama faili.

Nikahesabu kabla ya kusoma. Boksi na chupa vina mistari 31. Nakala yangu ya usiku ule ilikuwa na 28.

Nikafunika nakala, nikaanza kusoma picha kutoka mwisho kwenda mwanzo, mstari mmoja mmoja, nikitumia kipande cha karatasi kuziba mingine kwenye skrini. Kusoma kinyumenyume ni wazo la rafiki yangu anayesahihisha magazeti. Sentensi inapoteza utamu wake, kwa hiyo jicho haliwezi kukimbia.

Mstari wa kwanza niliokuwa nimeuacha uko ubavuni, umeandikwa wima kando ya namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Nilipoona namba nikadhani ni mambo ya kiwanda yote. Unasema dawa ikishachanganywa itumike ndani ya siku 7, na itakayobaki imwagwe.

Wa pili uko penye mshono wa lebo, karatasi ilipopandiana. Kwenye picha ya kwanza unaonekana nusu ya juu ya herufi tu. Unasema asipewe mwenye mzio wa penisilini.

Nadhani hayo ndiyo mawili ya Mfamasia.

Wa tatu ndio ulionitisha. Maelekezo ya kuchanganya yana mistari miwili inayofuatana, na yote miwili inaisha kwa maneno yaleyale, "tikisa vizuri". Wa kwanza unasema ongeza maji hadi nusu ya alama, tikisa vizuri. Wa pili unasema kisha ongeza maji hadi kwenye alama, tikisa vizuri. Mimi niliandika mmoja tu. Jicho lilimaliza "tikisa vizuri" ya kwanza, likainuka kuandika, likarudi kwenye "tikisa vizuri" ya pili, likaendelea na mengine. Bahati nimebakiza wa "hadi kwenye alama" na kutupa wa "nusu". Kama ningefanya kinyume, mama angetia maji nusu akaishia hapo, na dawa ingekuwa na nguvu mara mbili hivi.

Na sentensi yangu ilisomeka vizuri kabisa, hakuna pengo. Dada aliirudisha bila neno.

#28 MzeeKalamu

Umekutana na kosa la wanakili wa zamani, binti. Waliokuwa wakinakili miswada kwa mkono waliruka vivyo hivyo: mistari miwili inaisha kwa neno moja, wa kati unapotea. Anayehariri tenzi za hati ya Kiarabu hulitafuta kosa hili kila anapolinganisha nakala mbili, maana kwenye utenzi kila ubeti unaisha kwa kina kilekile, na jicho linateleza kwa urahisi sana.

Kuanzia sasa, kabla ya kunakili, tafuta kwenye picha mistari inayoanza au kuisha sawa, uitie alama nyekundu.

#29 MfamasiaKata

Ndiyo, yalikuwa hayo mawili, siku 7 na penisilini. La nusu ya maji sikuliona, nakiri. Niliposoma sentensi yako nilijaza mwenyewe kichwani kwa sababu nachanganya chupa hizi kila siku. Kumbe na mimi nilikufanyia kama dada yako.

Angalia hizi siku 7 sasa. Zinagongana na kitu: 2.5 ml mara tatu ni siku 8 kwa chupa ya 60 ml. Chupa itabaki na dawa kidogo siku ya saba. Mama ataona ni hasara kumwaga, ataiweka kwa homa nyingine. Sentensi ya kumwaga usiichape kwa herufi ndogo.

Na kijiko. Kama karatasi inasema "kijiko", sema ni kile kilichomo kwenye boksi. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani ukubwa.

#30 MamaPacha

Na hiyo "mzio". Mimi naijua kwa sababu mwanangu wa pili anao wa karanga, lakini jirani yangu niliyemsomea hakuijua. Alisema labda ni mzigo. Tunasema "aleji".

#31 MzeeKalamu

Andika yote mawili: "mwenye mzio (aleji) wa penisilini". Hapo siwezi kushindana na wasomaji.

#32 BintiKorogwe

Nimeandika upya. Safari hii nimempa mtu mwingine arudishe, kijana wa duka la vipuri anayejua Kiingereza vizuri lakini hana mtoto wala hajawahi kushika dawa hii. Nikaondoa kichwa cha karatasi. Nikamwambia asiokoe.

Amenirudishia mambo matatu niliyodhani yamenyooka. "Hifadhi mahali penye baridi" ameandika njia mbili: mahali baridi, au mahali penye upepo wa baridi. "Itakayobaki imwagwe" ameuliza, maji au dawa? Na "hadi nusu ya alama" ameandika kwamba hajui alama ina nusu vipi, kwa sababu alama ni mstari tu.

Hilo la mwisho nimelitazama kwenye picha, na Kiingereza chenyewe kina utata huohuo. Kinachokusudiwa ni nusu ya maji yote yanayohitajika. Nimeandika "tia kwanza nusu ya maji". Je, nimevuka mpaka wa mfasiri?

#33 MfamasiaKata

Hapana. Ndivyo tunavyochanganya. Unga ukitiwa maji yote kwa mara moja huwa unashikamana chini.

#34 MzeeKalamu

Umevuka kidogo, ila umevuka ukiwa na mfamasia kando yako. Andika kwenye orodha yako ya namba, kando ya mstari huo: asili ina utata, imefafanuliwa kwa ushauri wa mfamasia. Atakayekuja kuhakiki baada yako asidhani umekosea kusoma.

#35 Kibaraza254

Dada, hiyo orodha ya namba unaweza kuiweka hapa? Nataka niione ilivyo, nijaribu kwa dodoso ambalo asili yake ni picha ya skani. Tunazo nyingi.

#36 BintiKorogwe

Hii ni sehemu ya chupa tu. C ni chupa.

C4: gongagonga chupa ili unga ulegee. Imo, sentensi ya 3.
C5: maji yaliyochemshwa yakapoa. Imo, sentensi ya 4.
C6: nusu ya maji, tikisa. Ilikosekana, imeongezwa, sentensi ya 4. Utata, imefafanuliwa.
C7: hadi kwenye alama, tikisa. Imo, sentensi ya 5.
C8: tikisa kila mara kabla ya kumpa mtoto. Imo, sentensi ya 6. Ilikuwa na kosa, imesahihishwa.
C9: penye mshono, mzio wa penisilini. Ilikosekana, imeongezwa, nimeihamishia juu kabisa.
C10: jina na anwani ya kiwanda. Imeachwa kwa makusudi.

La saa bado. Muuguzi anataka ratiba ya Mama Pacha, na daktari wa zahanati anataka "kila baada ya saa 8" peke yake. Kuhusu masaa hakuna aliyekubali kuandika. Kesho asubuhi nitawasomea akina mama watano foleni, kila mmoja peke yake, nimwulize tu: ukianza kumpa saa 5 asubuhi, mara ya pili unampa lini?

#37 MamaPacha

Waulize na bibi zao. Nyumba nyingi bibi ndiye anayempa mtoto dawa.